Mshipi Mweupe wa Andazi

Je, wajua kwamba ukitaka kulinganisha maandazi ya wapishi wawili kwa picha tu, ubavu wa andazi una mengi ya kusema kuliko uso wake?

Tuseme una picha mbili, moja ya Tunduma na nyingine ya Dar es Salaam. La Tunduma ni la hudhurungi iliyokolea, la Dar lina rangi ya dhahabu. Kabla hujasema la kwanza limeungua, tazama sahani. Kama sahani nyeupe inaonekana ya manjano, basi taa ya ndani imepaka rangi kila kitu kwenye picha hiyo, na kulinganisha rangi hakufai mpaka zote mbili zipigwe kwenye mwanga wa mchana.

Sasa tazama ubavu. Andazi lililoumuka vizuri ni jepesi, kwa hiyo huelea likiwa limezama chini ya nusu. Ukiligeuza, upande wa pili nao huzama kiasi hicho hicho, na katikati hubaki ukanda ambao mafuta hayakuufikia sawasawa. Huo ndio mshipi mweupe. Andazi zito huzama zaidi, likawa na rangi moja kote. Mshipi ukiwa mpana upande huu na mwembamba upande ule, andazi lilielea kwa kuinama, mara nyingi kwa sababu donge lilisukumwa bila unene sawa. Lakini usimhukumu mpishi kwa kukosa mshipi peke yake, maana wengine huteka mafuta ya moto kwa upawa na kuyamwaga juu ya andazi, na mshipi hufutika.

Tunduma ina jambo lake jingine. Mji huo wa mpakani uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka huko kwenye nyuzi joto 95 hivi badala ya 100 za Dar. Unyevu ulio ndani ya andazi hugeuka mvuke mapema, kwa hiyo ndani hapafiki joto lile la pwani na huchelewa kuiva, ilhali nje panaendelea kubadilika rangi kama kawaida. Mpishi wa huko akiacha karai liwe na moto mkali, atatoa andazi zuri la picha lenye unga mbichi katikati. Dawa ni kupunguza moto kidogo na kulipa muda. Ndiyo maana mimi naomba picha ya pili, ya andazi lililopasuliwa.

Kwa chapati ombi hilo ni la lazima. Picha ya juu inaonyesha mviringo na madoa tu, na hata mviringo hudanganya simu ikiinamishwa: ukingo wa sahani ukionekana kama yai, chapati nayo itaonekana hivyo hivyo. Tabaka hutokana na kupaka mafuta, kukunja na kuzungusha donge kabla ya kulisukuma mara ya mwisho, na huonekana pale tu chapati inapochanwa.