Chembe Sahani Zinapopungua na Damu Ikaganda

Heparini ni dawa ya kuzuia damu isigande. Hospitalini hutolewa kwa sindano au dripu, hasa baada ya upasuaji mkubwa na wakati wa kusafisha damu ya mgonjwa wa figo. Lakini kwa wagonjwa wachache dawa hiyo hugeuka, ikawa ndiyo inayogandisha damu. Linaloshangaza zaidi ni kwamba hayo hutokea wakati chembe sahani, yaani chembe ndogo zinazoziba jeraha damu isitoke, zimepungua. Mwenye chembe sahani chache huhofiwa kutokwa na damu. Huyu huhofiwa damu yake kuganda.

Mwaka 1958 wapasuaji wawili wa Marekani, Rodger Weismann na Richard Tobin, walieleza habari za wagonjwa 10 ambao mishipa yao ya ateri iliziba wakiwa kwenye heparini. Mabonge yaliyotolewa hayakuwa mekundu kama ilivyozoeleka, bali yalikuwa yamepauka, kwa kuwa sehemu yake kubwa ilikuwa chembe sahani zilizoshikamana. Hapo ndipo chembe zinazokosekana kwenye kipimo cha damu zilipokuwa zimekwenda.

Chanzo chake ni kinga ya mwili. Chembe sahani hutoa protini iitwayo PF4, na heparini ikikutana nayo hushikamana nayo na kuibadilisha umbo. Kinga huliona umbo hilo kuwa geni, ikatengeneza kingamwili dhidi yake. Kingamwili hizo hushika protini na heparini kwa ncha moja, na kwa ncha nyingine huigusa chembe sahani yenyewe na kuiamsha. Chembe iliyoamshwa hunata kwa wenzake, huchochea damu kuganda, na humwaga PF4 zaidi. Ndivyo moto unavyojichochea wenyewe: kadiri mabonge yanavyoongezeka, ndivyo chembe zinavyopungua.

Kutengeneza kingamwili huchukua siku kadhaa, na ndiyo maana tarehe ni ushahidi muhimu. Chukua mfano wa mama aliyebadilishwa nyonga na kuanzishiwa heparini. Kabla ya upasuaji chembe sahani zake zilikuwa 280,000 katika kila mikrolita ya damu. Kiwango cha kawaida ni 150,000 hadi 450,000. Siku ya saba zikawa 110,000, na mguu wake mmoja ukavimba na kuuma. Picha ya altrasaundi ikaonyesha bonge kwenye mshipa wa paja.

Madaktari hupima shaka yao kwa maswali manne, kila moja likiwa na alama 0 hadi 2. Je, chembe zimeshuka kiasi gani? Za mama huyu zimeshuka kwa zaidi ya nusu: alama 2. Zilishuka lini? Kati ya siku ya 5 na ya 10: alama 2. Kuna bonge jipya? Lipo: alama 2. Kuna sababu nyingine, kama maambukizi makali au dawa tofauti? Haikuonekana: alama 2. Jumla ni 8, na kuanzia 6 shaka huwa kubwa. Damu hupelekwa maabara kutafutwa kingamwili, ila matibabu hayangojei majibu. Aliyetumia heparini miezi michache iliyopita anaweza kushukiwa chembe ndani ya siku moja, kwa kuwa kingamwili bado zimo mwilini.

Hatua ya kwanza ni kusimamisha heparini yote, hata ile kidogo ya kusafishia kanula, ambayo ni rahisi kusahaulika. Hilo peke yake halitoshi, kwa kuwa damu huendelea kuwa tayari kuganda kwa siku nyingi. Mgonjwa huhitaji dawa nyingine ya kuzuia kuganda isiyo ya jamii ya heparini, kama vile agatrobani au fondaparinuksi.

Makosa mawili hutokana na mazoea. La kwanza ni kumwongezea mgonjwa chembe sahani kwa sababu kipimo kiko chini: kama havuji damu, hiyo ni kuongeza kuni motoni. La pili ni kuharakia warfarini. Dawa hiyo, kabla haijaanza kuzuia kuganda, hupunguza kwanza protini ya mwili inayozuia damu isigande, na mguu wenye bonge unaweza kuoza. Husubiriwa mpaka chembe zirudi angalau 150,000.

Kingamwili hizi kwa kawaida hutoweka ndani ya siku 100 hivi. Hata hivyo, aliyewahi kupatwa na tatizo hili aandikiwe kwenye kadi yake kuwa heparini ilimdhuru, na alitaje kila anapolazwa, kabla sindano haijachomwa.