Kufupisha lisansi: krediti zako za zamani zinaweza kufika 60 na mwaka usipungue

Kuna watu wengi huku kwetu walioanza gradua wakaacha njiani. Wengine vita viliwakimbiza, wengine walikosa minervali, wengine walipata kazi wakaona kwanza walishe familia. Leo wanataka kurudi kusoma, na swali lao ni moja: yale masomo ya zamani, na ile kazi ya miaka yote, haviwezi kupunguza muda?

Vinaweza, lakini si kwa namna watu wengi wanavyowaza. Mtu anafika kwenye chuo na kusema amefanya kazi miaka 11, akitumaini wataondoa mwaka mmoja ao miwili. Chuo hakihesabu miaka. Kinahesabu krediti, na kila krediti imefungwa kwenye somo fulani.

Hii si krediti ya banki. Katika mfumo wa LMD, ambao nchi yetu ilianza kuupanua kwenye vyuo vyote tangu mwaka wa masomo 2021-2022, lisansi inachukua miaka mitatu: L1, L2 na L3. Kila mwaka una krediti 60, jumla 180. Somo moja linaweza kubeba krediti 3, lingine 6 ao 8. Kwa hiyo swali la chuo ni hili: somo gani unalijua tayari, na unalithibitisha kwa nini?

Tuchukue mfano wa mama mmoja. Alisoma jestion, akamaliza G1 na G2 kati ya 2008 na 2010, akaacha kabla ya G3. Kisha akawa kontable wa koperative ya kahawa upande wa Kalehe kwa miaka 11. Sasa anataka lisansi ya LMD. Analeta releve ya kota zake za G1 na G2. Chuo kinalinganisha masomo yake moja kwa moja na programu mpya: matematika, ekonomi, sheria, takwimu, Kifaransa. Tuseme anapata krediti 42 za L1 na 12 za L2. Kwa kazi yake wanamkubalia staji na somo la kusimamia kasha, krediti 10 zote za L2. Jumla ni 64.

Hapo mtu atafurahi, maana 64 inapita 60 ya mwaka mzima. Lakini tuangalie zimeanguka wapi. Kwenye L1 bado anadaiwa krediti 18. Kwenye L2 amepata 22, anabakiza 38. L3 iko nzima, 60. Kama chuo kinamruhusu aingie L2 huku akilipa deni la L1, mwaka wa kwanza atakuwa na 18 na 38, yaani 56. Mwaka wa pili ni 60 za L3. Amemaliza kwa miaka miwili pahali pa mitatu.

Hiyo ni hesabu ya karatasi. Kati ya zile 18 za L1 kuna kontabilite ya jumla, krediti 8. Chuo kimeikataa, na kina sababu: mwaka 2010 alifundishwa Plani Kontable ya Kongo, lakini Kongo iliingia OHADA mwaka 2012, na leo vitabu vinafungwa kwa SYSCOHADA. Na bila kontabilite ya jumla hawezi kufuata kontabilite ya sosiete katika L2. Somo la L2 linasogezwa mwaka unaofuata, linagongana na ratiba ya L3, na mama anarudi kwenye miaka mitatu. Ana krediti 64 mfukoni na hajaokoa hata mwaka mmoja.

Kwa hiyo kabla ya kuomba mengi, tafuta somo linalofunga mlango. Kwa mama huyu ni hilo la kontabilite, na ndilo kazi yake inaweza kulithibitisha vizuri kuliko yote. Badala ya kupigania krediti 3 za hapa na pale, aombe juri imsikilize, ao impe mtihani wa somo hilo kabla ya masomo kuanza.

Huko juri haitauliza amefanya kazi miaka mingapi. Itataka kuona alichofanya kwa mkono wake: jurnali, kitabu kikubwa, balansi, inventeri ya mwisho wa mwaka, bila. Itaweza kumuuliza: mashine ya kumenya kahawa ilinunuliwa dola 3,000 tarehe 1 Julai, itatumika miaka mitano, unaandika amortisma gani tarehe 31 Desemba? Kwa mwaka mzima ni dola 600, lakini ni nusu mwaka, basi ni 300. Mtu aliyefunga vitabu kweli atajibu bila kuhangaika. Mwenye kuandika tu pesa iliyoingia na iliyotoka atajulikana hapo hapo. SYSCOHADA yenyewe inaruhusu shirika ndogo kushika vitabu kwa njia rahisi ya kasha, na kama koperative ilikuwa inafanya hivyo tu, mama amethibitisha kasha. Hajathibitisha bila.

Barua ya mkubwa wa kazi nayo iandikwe kwa akili. Kuandika kwamba mama ni mwaminifu na anafika mapema hakusaidii. Iseme alianza lini, alishika vitabu gani, nani alimkagua, na ni yeye aliyefunga mwaka ao alimsaidia mwingine. Akiambatanisha kurasa za vitabu, aombe ruhusa na afunike majina ya wakulima na wateja.

Waliopoteza karatasi wakati wa kukimbia waanzie kwenye aparitora ya chuo cha zamani, ambako kota zinawekwa, na atestasyo ya kupoteza karatasi mkononi. Kwa kazi, ushuhuda wa rais wa koperative na wa wenzake wa zamani unaweza kusaidia, lakini juri itawauliza maswali zaidi.

Wengine wamesikia juu ya VAE ya Ufaransa, ambako sheria ya Januari 2002 inaruhusu juri kumpa mtu hata diploma nzima kwa ajili ya uzoefu wake. Ni kweli, lakini hata kule kuna dosye ndefu na juri. Shirika la kwenye intaneti linaloahidi lisansi kwa kutuma CV na malipo tu, bila mtu yeyote kukuuliza swali, linakuuzia karatasi. Na diploma ya nje, hata iliyo ya kweli, itahitaji ekivalansi kwenye Ministère ya ESU.

Inabaki mambo mawili ya kuuliza mbele ya kulipa. La kwanza ni pesa: kama chuo kinatoza minervali kwa mwaka na si kwa krediti, kuondolewa masomo matano hakupunguzi hata franka moja mpaka mwaka wenyewe uondoke. La pili ni karatasi ya uamuzi. Neno la mdomo la mkuu wa seksyo linasahaulika akibadilishwa, na siku ya delibe somo lako litaonekana halina kota, kama la mtu aliyekosa mtihani. Uamuzi uandikwe kwa prosè-verbali yenye saini na kashe, ukitaja kila somo na krediti zake. Kopi moja ibaki aparitora, nyingine kwa wanaopanga kota za promosyo, na ya tatu nyumbani kwako.