Nusu Iliyo Kati ya Tanjenti na Sini

Pembe ikiwa ndogo sana, tanjenti yake na sini yake hukaribiana mpaka jicho lishindwe kuzitofautisha. Pembe ya radiani 0.1, ambayo haifiki digrii 6, ina tanjenti ya 0.1003347 na sini ya 0.0998334. Tofauti yao ni 0.0005013 tu. Pembe hiyo ikipandishwa kwenye kipeo cha tatu hutoa 0.001, namba nyingine ndogo. Lakini ndogo ya kwanza ikigawanywa kwa ndogo ya pili, jibu si dogo tena: ni 0.5013. Kinachotafutwa hapa ni mahali sehemu hii inapoelekea kadiri x inavyokaribia sifuri:

(tan x − sin x) / x³

Jibu ni nusu kamili. Haliwezi kupatikana kwa kuweka sifuri mahali pa x, kwa kuwa kiasi kinakuwa sifuri, asili nayo inakuwa sifuri, na sifuri kugawanya kwa sifuri hakuna thamani. Ndiyo maana huzungumziwa kikomo, yaani thamani ambayo sehemu inaikaribia bila x yenyewe kufika sifuri.

Ipo njia ya mkato ambayo huwapoteza wanafunzi wengi. Kwa pembe ndogo sini ni karibu sawa na x, na tanjenti pia ni karibu sawa na x. Kwa hiyo, husemwa, kiasi ni x − x, yaani sifuri, na jibu ni sifuri. Kosa hili linafanana na la mtu mwenye magunia mawili ya mahindi, kila moja lina kama kilo 90, akaulizwa lipi limezidi lingine na kwa gramu ngapi, akajibu kwamba hakuna lililozidi kwa sababu yote ni kilo 90. Makadirio yanayotosha kwa kuuza gunia hayatoshi kwa kupima tofauti ya magunia. Sini ni pungufu kidogo ya x, tanjenti ni zaidi kidogo ya x, na vijisehemu hivyo vilivyotupwa ndivyo hasa swali lilivyokuwa linavitafuta.

Kubadili sini kwa x hakuna madhara pale sini inapozidishwa au kugawanywa, kwa kuwa uwiano wao unakaribia 1. Madhara hutokea kwenye kutoa. Kazi ya kwanza basi ni kuliondoa tendo la kutoa kati ya tanjenti na sini na kuligeuza kuwa kuzidisha. Tanjenti ni sini iliyogawanywa kwa kosini, kwa hiyo sini imo katika pande zote mbili za alama ya kutoa na inaweza kutolewa nje kama kigawo cha pamoja:

tan x − sin x = sin x / cos x − sin x = sin x · (1 − cos x) / cos x

Sasa x³ iliyo kwenye asili inagawiwa vigawo hivi. Sini inapewa x moja, 1 − cos x inapewa x mbili, na kosini haipewi kitu:

(sin x / x) · ((1 − cos x) / x²) · (1 / cos x)

Mgawo huu si wa kubahatisha. Kama sini ingepewa x mbili, kigawo chake kingekua bila mwisho, na 1 − cos x iliyobaki na x moja ingeelekea sifuri. Zao la kitu kisicho na mwisho na sifuri halisemi lolote. Kila kigawo kinapaswa kupata idadi ya x inayolingana na kasi yake ya kusinyaa. Sini husinyaa sambamba na pembe yenyewe, ilhali 1 − cos x husinyaa sambamba na mraba wa pembe.

Kwamba sini na pembe huenda sambamba huonekana kwenye duara lenye nusukipenyo 1. Chora nusukipenyo mbili zenye pembe x kati yake, pembe iliyo chanya na ndogo kuliko pembe mraba. Ncha zake zikiunganishwa kwa mstari mnyoofu hupatikana pembetatu yenye eneo la sin x / 2. Kipande cha duara kilicho kati ya nusukipenyo hizo, pamoja na tao lake, kina eneo la x / 2. Nusukipenyo moja ikirefushwa mpaka ikutane na mstari unaoligusa duara kwenye ncha ya nyingine, hupatikana pembetatu mraba kubwa zaidi, yenye eneo la tan x / 2. Ya kwanza imo ndani ya ya pili, na ya pili imo ndani ya ya tatu, kwa hiyo sin x < x < tan x. Kila upande ukigawanywa kwa sin x, inakuwa 1 < x / sin x < 1 / cos x. Pembe inapopungua kosini hukaribia 1, na x / sin x hubanwa kati ya 1 na kitu kinachoelekea 1. Haina pengine pa kwenda. Kinyume chake, sin x / x, kinaelekea 1 vilevile. Kwa pembe hasi hakuna kinachobadilika, maana sini na pembe hugeuza alama kwa pamoja.

Kikomo cha pili hutokana na hicho cha kwanza. Kiasi na asili ya (1 − cos x) / x² vikizidishwa kwa 1 + cos x, juu hupatikana 1 − cos² x, ambayo ni sin² x:

(1 − cos x) / x² = (sin x / x)² · 1 / (1 + cos x)

Mraba wa sin x / x unaelekea 1, na 1 + cos x inaelekea 2. Kikomo ni 1/2. Hapa ndipo nusu ya jibu inapozaliwa. Kigawo cha tatu, 1 / cos x, kinaelekea 1. Kwa kuwa kila kimoja kina kikomo chake chenye thamani, kikomo cha zao lao ni zao la vikomo: 1 × 1/2 × 1 = 1/2.

Namba zinakubali. Kwa x = 0.5 sehemu ni 0.5350, kwa 0.1 ni 0.50126, kwa 0.01 ni 0.5000125. Inashuka kuelekea nusu kutoka juu. Anayetaka kuendelea chini zaidi kwa kikokotoo kinachohifadhi tarakimu 10 tu ataona jambo la ajabu. Kwa x = 0.001 kinatoa 0.4997, kwa 0.0001 kinatoa 0.47, na kwa 0.00001 kinatoa sifuri kavu. Hesabu haijageuka, kikokotoo ndicho kilichoishiwa tarakimu. Tanjenti na sini ya 0.00001 zikikadiriwa kwa tarakimu 10 huwa namba ileile, na zikitolewa hakibaki kitu. Ubaya ni kwamba sifuri hii ya uongo inalandana na jibu la njia ya mkato, kwa hiyo aliyekosea kwa kalamu anaweza kudhani kikokotoo kimemthibitishia.

Umbo lenye vigawo halitoshi lenyewe kuondoa tatizo hilo, kwa kuwa ndani ya 1 − cos x bado kuna kutoa, na kosini ya 0.00001 kwa tarakimu 10 ni 1. Dawa ni kuandika 1 − cos x kama 2 sin²(x/2). Kiasi kinakuwa 2 sin x · sin²(x/2) / cos x, kuzidisha na kugawanya tupu, na kikokotoo kilekile kinarudi kwenye 0.5. Kuna kasoro nyingine inayotambulika upesi: jibu likitokea kama 0.00000266, kikokotoo kiko kwenye digrii. Nusu ni jibu la radiani, kwani hoja ya eneo la x / 2 inadai pembe ipimwe kwa urefu wa tao. Kwa digrii kikomo ni nusu ya kipeo cha tatu cha π / 180.

Tofauti hii ya tanjenti na sini ilishawahi kupimwa kabla ya majina hayo kuwapo. Katika karne ya 3 kabla ya Kristo, Arkimedi wa Sirakusa aliizingira π kwa pembenyingi mbili zenye pande 96, moja ndani ya duara na nyingine nje yake. Kwa duara lenye kipenyo 1, mzingo wa ile ya ndani, kwa maandishi ya leo, ni 96 sin x, na wa ile ya nje ni 96 tan x, x ikiwa π / 96. Thamani zake ni 3.141032 na 3.142715. Pengo kati yake ni 0.001683. Kikomo kilichopatikana juu kinalikadiria pengo hilo bila kuhesabu sini wala tanjenti: 96 · x³ / 2, ambayo ni 0.001682. Kinaonyesha pia kwa nini kazi hiyo ilikwenda polepole. Pande zikiongezwa maradufu, tofauti ya kila upande hupungua mara nane, lakini pande zenyewe zimekuwa mbili kwa moja, kwa hiyo pengo zima hupungua mara nne tu.

Kikomo hiki hueleza upana wa pengo, si mahali π ilipo ndani yake. Kwa hilo kinahitajika kikomo cha (x − sin x) / x³, na hapo kutoa vigawo hakufui dafu, kwa kuwa x na sini hazina kigawo cha pamoja. Thamani yake, inayopatikana kwa njia nyingine, ni 1/6, yaani theluthi moja ya nusu. Kwa hiyo π iko kwenye theluthi ya kwanza ya pengo, karibu zaidi na sini. Mholanzi Willebrord Snellius aliutumia ukweli huu katika kitabu cha mwaka 1621, na mwenzake Christiaan Huygens akautolea uthibitisho mwaka 1654: mzingo wa ndani huchukuliwa mara mbili, wa nje mara moja, jumla ikagawanywa kwa tatu. Kwa pembenyingi za Arkimedi, 3.141032 mara mbili pamoja na 3.142715 ni 9.424779, na theluthi yake ni 3.141593, sawa na π kwa desimali zote sita.