Saa ya Chakula Inapogeuka Ovataimu

Ankara ya wakala wa wafanyakazi huwa fupi: mstari wa saa za kawaida, mstari wa saa za ziada, kodi, kisha jumla. Mhasibu anayeipokea huangalia kama bei kwa saa ni ile ya kwenye mkataba, anazidisha, anaona hesabu imekaa sawa, anaidhinisha malipo. Kosa kubwa linaweza kupita hapo bila kuguswa, kwa sababu bei ni sahihi na kuzidisha ni sahihi. Kilichozidi ni saa zenyewe. Na saa hazikaguliwi kwenye jumla. Zinakaguliwa mtu kwa mtu, siku kwa siku, kwa kutumia karatasi za mahudhurio zilizosainiwa, ambazo wengi huziita taimshiti.

Tuchukue mfano wa ghala moja jijini Dar es Salaam lenye vibarua 12 walioletwa na wakala. Wanaingia saa 2 asubuhi, wanatoka saa 10:30 jioni, Jumatatu hadi Jumamosi, na wana saa moja ya chakula isiyolipwa. Mkataba unasema shilingi 3,000 kwa saa ya kawaida na shilingi 4,500 kwa saa ya ziada. Ankara ya wiki moja inaonyesha saa 540 za kawaida na saa 82 za ziada. Ukizidisha unapata shilingi 1,989,000, na ukiongeza Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18, jumla ni shilingi 2,347,020.

Mwenye jicho zuri ataanza na swali dogo: mtu mmoja alitakiwa afanye saa ngapi? Kutoka saa 2 asubuhi hadi saa 10:30 jioni ni saa 8 na nusu. Ukitoa saa ya chakula zinabaki 7 na nusu, na kwa siku sita zinakuwa 45. Hicho ndicho kiwango cha juu cha saa za kawaida kwa wiki katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Ila ukisahau kutoa saa ya chakula, mtu yuleyule anaonekana amefanya saa 51. Saa sita zilizovuka 45 haziendi kwenye mstari wa kawaida. Zinaangukia kwenye saa za ziada, ambazo sheria inataka zilipwe angalau mara moja na nusu. Hivyo muda ambao kibarua alikuwa mezani anakula unauzwa ghali kuliko muda aliokuwa anabeba mizigo.

Sasa zitoe taimshiti. Tumia nakala iliyobaki ghalani, siyo ile iliyoambatanishwa na ankara. Sababu ni nyepesi: msimamizi mwenye haraka husaini siku zote za wiki na kuacha kisanduku cha jumla kikiwa wazi, kisha karatasi ikifika kwa wakala jumla inajazwa huko. Nakala mbili zikitofautiana, umeshapata pa kuanzia. Angalia pia tarehe ya saini. Saini ya Alhamisi haiwezi kuthibitisha kazi ya Jumamosi. Na tarakimu iliyofutwa na kuandikwa upya bila saini fupi ya msimamizi pembeni yake isihesabiwe mpaka yeye mwenyewe aulizwe.

Ingiza kila siku ya kila mtu kwenye Excel: jina, tarehe, muda wa kuingia, muda wa kutoka, na mapumziko kwa saa. Hapa kuna mtego unaowapata watu wengi. Taimshiti zetu huandikwa kwa saa za Kiswahili, lakini kompyuta inahesabu siku kuanzia usiku wa manane. Kwa hiyo saa 2 asubuhi iingizwe kama 8:00, na saa 10:30 jioni kama 16:30. Ikiwa muda wa kuingia uko safu ya C, wa kutoka safu ya D na mapumziko safu ya E, fomula ni hii:

```
=MOD(D2-C2,1)*24-E2
```

Inatoa 7.5, na inafanya kazi hata kwa zamu ya usiku inayovuka usiku wa manane. Kumbuka kwamba saa 7 na dakika 30 ni 7.5, siyo 7.3. Anayeandika 7.3 anapoteza dakika 12 za mfanyakazi kila siku, na kosa hilo nalo lazima lisahihishwe, hata kama linakunufaisha wewe mlipaji.

Kwenye ghala letu, kazi hiyo inaonyesha mambo matatu. Kwanza, kibarua mmoja hakufika Alhamisi. Mstari wake hauna saini, na jina lake halimo kwenye daftari la getini. Pili, Ijumaa watu watano walibaki saa mbili zaidi kupakua mzigo, na msimamizi alisaini: hizo ni saa 10 halali za ziada. Tatu, hakuna saa nyingine ya ziada popote. Saa za kawaida ni 532.5, za ziada ni 10. Kwenye ankara kuna saa 7.5 za kawaida za mtu ambaye hakuwepo, na saa 72 za ziada zisizo na msingi: 71 ni za chakula, na moja ni ya siku ileile ambayo mtu hakufika.

Kwa fedha, hiyo ni shilingi 22,500 jumlisha 324,000, yaani 346,500. Kodi iliyotozwa juu yake ni shilingi 62,370. Ghala lilikuwa linakaribia kulipa shilingi 408,870 zaidi kwa wiki moja tu.

Kabla ya kuandika barua, muulize msimamizi jambo moja: je, watu walipumzika kweli? Sheria inampa mfanyakazi mapumziko ya dakika 60 akifanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo, na mwajiri halazimiki kuyalipa. Lakini aliyetakiwa kuendelea na kazi, au kukaa tayari kwa kazi wakati huo, anastahili kulipwa. Kama lori lilikuwa likipakuliwa saa 7 mchana, saa hiyo si ya kukatwa. Soma pia mkataba, maana baadhi ya mikataba hukubali kulipia chakula.

Hoja ikisimama, mpelekee wakala orodha yenye jina, tarehe, saa zilizotozwa, saa zilizosainiwa na tofauti yake, pamoja na picha za taimshiti. Lipa sehemu isiyo na ubishi, ili vibarua wasicheleweshewe ujira, na udai hati ya kupunguza deni kwa iliyobaki, kodi ikiwemo. Kisha rudi kwenye ankara za nyuma. Mfumo uliosahau saa ya chakula wiki hii huenda umeisahau tangu siku ya kwanza.

Ukaguzi huu una mpaka wake. Saini inathibitisha kwamba msimamizi alisaini. Haithibitishi kwamba mtu alikuwepo. Ndiyo maana daftari la getini linahitajika, hasa pale msimamizi na wakala wanapoelewana kupita kiasi.

Na usiiache hati za mshahara. Omba kuona kama zile saa 72 zililipwa kwa vibarua. Kama zililipwa, wakala alikosea hesabu yake yote, na marekebisho ni ya kuzungumza. Kama ghala lilitozwa saa sita za ziada kwa kila mtu na yeye hakuona hata senti, basi kuna mtu aliyeuza muda wa mapumziko ya vibarua akaweka fedha mfukoni. Huyo hastahili mkataba mwingine.