Sato Mzima: Mkavu Nje, Laini Ndani

Sato akiganda kwenye karai na kuchunika ngozi, mara nyingi kosa ni maji. Ukishampaa na kumtoa matumbo, mchanje mara tatu kila ubavu hadi karibu na mfupa, mpake chumvi na ndimu, kisha mfute kwa kitambaa safi hadi ngozi isiteleze. Ndipo umpitishe kwenye unga mkavu wa ngano na kumkung'uta, kwani unga uliozidi hudondoka, huungua na kuchafua mafuta.

Mafuta yawe na nyuzi 175 hadi 180 za Selsiasi. Huna kipimajoto? Chovya ncha ya mwiko mkavu: mapovu madogo yakiizunguka papo hapo, yako tayari. Yakifuka moshi, punguza moto. Sato wa robo kilo huchukua dakika 6 hivi; wa nusu kilo, dakika 10, ukimgeuza mara moja. Nyama ya mgongoni ikiachia mfupa, ameiva.

Mwinamishe juu ya karai mafuta yachuruzike, kisha mlaze kwenye chekeche, bila kumfunika wala kumrundika na wenzake, maana mvuke hulainisha ngozi. Na karai likiwa dogo, kaanga mmoja mmoja: wakijazana, mafuta hupoa na samaki huyanywa.