Deni halali, muda umekwisha

Tuchukue mfano. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Morogoro anamkopesha mkandarasi saruji na mabati ya shilingi milioni 14. Wanaandikiana, kila mmoja anaweka saini, na tarehe ya kulipa inatajwa: 30 Juni 2017. Siku hiyo inapita bila hata senti moja. Mkandarasi hakatai deni. Anasema malipo ya mradi yamekwama, avumiliwe kidogo. Mwaka unaofuata anasema hivyo hivyo, kwa simu, kwa sauti ya upole. Wanafahamiana, wanasali pamoja, na mwenye duka anaona aibu kumpeleka mahakamani. Septemba 2023 uvumilivu unamwishia, anafungua kesi akiwa na mkataba na stakabadhi zote za kupokelewa mzigo.

Kesi hiyo inaweza kuisha kabla shahidi wa kwanza hajaapa. Wakili wa mkandarasi ataweka pingamizi la awali kwamba madai yamepitwa na muda. Chini ya Sheria ya Ukomo ya Tanzania, Sura ya 89, madai yanayotokana na mkataba yana miaka sita. Hesabu haianzi siku mzigo ulipotoka dukani, wala siku mdai alipochoka kusubiri. Inaanza pale mdaiwa alipovunja ahadi, yaani tarehe ya kulipa ilipopita. Kwa hiyo miaka sita ya mwenye duka iliisha mwishoni mwa Juni 2023, miezi miwili na siku kadhaa kabla hajaingia mahakamani.

Hata mkandarasi akikaa kimya, hali haibadiliki. Kifungu cha 3 kinaiamuru mahakama iyatupe madai yaliyochelewa, mdaiwa awe ametaja ukomo au hakutaja. Hakimu haulizi kwanza kama saruji ilipokelewa. Na uamuzi huo si wa kusahihisha makosa ya karatasi na kurudi wiki ijayo. Shauri likitupwa kwa ukomo, mdai hawezi kulifungua upya.

Wengi huona hapa sheria imemkinga mkopaji mjanja, na kwa mwenye duka wetu ni kweli kabisa. Lakini baada ya miaka mingi stakabadhi hupotea na mashahidi hufa, na aliyelipa kwa fedha taslimu huenda hana tena namna ya kuthibitisha kwamba alilipa. Sheria imeamua kwamba tishio la kesi lisimkalie mtu kichwani maisha yake yote. Mkandarasi akiamua kulipa kwa hiari yake, bado anaweza kulipa. Kilichopotea ni nguvu ya mahakama ya kumlazimisha.

Linalowaponza wadai wengi ni kudhani kwamba mazungumzo yanasimamisha hesabu. Hayasimamishi. Barua za kukumbushia, vikao vya usuluhishi na ahadi za mdomo vinaweza kuchukua miaka yote sita, na muda ukaendelea kuhesabika kana kwamba hakuna kilichosemwa. Mahakama ya Rufani imeshalisema hilo.

Kinachoanzisha hesabu upya ni mambo mawili, yote yakiwa katika kifungu cha 27: mdaiwa akikiri deni kwa maandishi yenye saini yake, au akilipa sehemu ya deni. Kama mkandarasi angelipa shilingi laki tano tu tarehe 5 Novemba 2021, kwa namna iliyoacha kumbukumbu kwamba ni malipo ya deni lile, miaka sita ingehesabiwa kutoka siku hiyo, na mwenye duka angekuwa na nafasi hadi Novemba 2027. Vivyo hivyo barua fupi: ninakiri kudaiwa shilingi milioni 14, tarehe, saini. Kuiomba karatasi hiyo mwaka wa nne si kumvunjia mtu heshima. Mwenye nia ya kulipa hapungukiwi na kitu akiiandika.

Hata hivyo, karatasi ikibaki kabatini haisaidii. Anayefungua kesi baada ya miaka sita ya mwanzo anatakiwa na Amri ya 7, Kanuni ya 6 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai aeleze ndani ya hati yake ya madai ni kwa msingi gani ukomo haumgusi. Wapo wenye ushahidi wa malipo ya sehemu ambao husubiri kuutaja hadi pingamizi litakapokuja, na hapo huwa wamechelewa mara ya pili.

Kwa mwenye duka wetu, ambaye hana barua wala malipo, imebaki njia moja nyembamba. Hakimu hana mamlaka ya kumwongezea muda wa kufungua kesi ya madai. Kifungu cha 44 kinampa mamlaka hayo Waziri wa sheria, baada ya kushauriana na Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na nyongeza haizidi nusu ya muda wa kawaida. Kwa mkataba ni miaka mitatu. Itabidi amweleze Waziri kwa nini ni haki kumwongezea, na kusema tu kwamba alikuwa akimwonea aibu rafiki yake ni sababu dhaifu.