Hereni Husikiliza Uso, Mkufu Husikiliza Nguo

Siku ya sendofu ya mdogo wangu tulimvisha seti ya dhahabu ya waridi: hereni, mkufu na bangili mbili, zote za karati 18. Dukani, chini ya taa, seti ile ilikuwa inawaka. Wiki iliyofuata picha zilipokuja, mama alizipitia moja baada ya nyingine, halafu akaniuliza, "Mwanangu, mbona mmemtoa mwenzako shingo tupu?" Mkufu ulikuwa palepale shingoni, ila haukuonekana.

Mdogo wangu ni maji ya kunde, na weupe wake una wekundu ndani yake, kama chai iliyokolea iliyotiwa maziwa kidogo. Sasa angalia dhahabu ya waridi ni kitu gani. Karati 18 maana yake ni kwamba katika sehemu 24 za pete au mkufu, sehemu 18 ni dhahabu, yaani robo tatu. Robo iliyobaki ndiyo inayoamua rangi. Sonara akitia shaba nyingi na fedha kidogo, dhahabu inageuka nyekundu-nyekundu, na hiyo ndiyo tunayoiita ya waridi. Kwa hiyo tulichukua madini yenye wekundu wa shaba tukayalaza juu ya ngozi yenye wekundu uleule. Mtu aliyesimama karibu anaona mng'aro. Mtu wa hatua tano, pamoja na kamera, anaona ngozi tu.

Tangu siku hiyo nimelishika jambo hili kwa bidii, kwa sababu vito ni fedha nyingi za familia, na makosa yake hayarudishwi kama gauni.

Tukimweleza mtu, husema ni mweusi, mweupe au maji ya kunde. Hiyo ni rangi ya juu, na inatokana zaidi na melanini iliyomo kwenye ngozi. Lakini ngozi si rangi moja iliyopakwa ukutani. Mwanga huingia kidogo ndani yake, hukutana na damu inayopita chini, hukutana na umanjano wa vyakula kama karoti na mawese ambao mwili huuhifadhi, ndipo unarudi machoni petu. Mchanganyiko huo ndio rangi ya chini. Ndiyo maana unaweza kuwaweka ndugu wawili weusi sawasawa, mmoja weusi wake ukawa na ubuluu, kama zambarau iliyoiva, na mwenzake ukawa na uasali. Rangi ya juu hukolea ukishinda juani na hupungua ukikaa kivulini. Rangi ya chini ni mtulivu zaidi, na ndiyo inayopatana au kugombana na madini.

Kanuni inayosemwa kila mahali ni fupi: mwenye rangi ya chini ya joto, yaani umanjano au uasali, avae dhahabu, mwenye rangi ya baridi, yaani ubuluu au uwaridi, avae fedha, aliye katikati avae chochote, na ya waridi imfae zaidi. Kanuni hiyo ina ukweli, ila imetengenezwa kwa kutazama ngozi nyingine. Ilienea sana baada ya mwaka 1980, Mmarekani Carole Jackson alipotoa kitabu chake cha kuwagawa watu kwa misimu minne ya mwaka. Humo watu weusi walio wengi waliingizwa kwenye kundi moja, la majira ya baridi, ambalo madini yake ni fedha. Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye harusi ya pwani, akamwona bibi harusi mweusi ametoka kwa dhahabu tangu masikioni hadi viganjani, anajua kwamba hesabu hiyo ina kasoro. Na wala si kwamba fedha hatukuijua. Masonara wa Oman waliyeyusha riale za Maria Theresa, zile zinazopigwa chapa ya mwaka 1780 miaka yote, wakatengeneza vikuku na vidani vizito vya fedha, na riale hizohizo zilikuwa fedha ya sokoni Unguja. Huku kwetu wanawake wa kila aina ya weusi wamevaa madini yote mawili, na kila mmoja alijua lipi linamkubali.

Kipimo kinachopendwa, cha kutazama mishipa ya kiwiko cha mkono kama ni ya kijani au ya buluu, nakushauri ukiache. Kwenye ngozi nyeusi mishipa haionekani vizuri, na ukiikodolea macho sana utaona rangi uliyotaka kuiona.

Kipimo cha kweli ni madini yenyewe, na kinataka vitu vitatu tu: uso mtupu, mwanga wa mchana na subira. Osha uso, usipake poda wala mafuta yenye rangi, funga nywele kwa kitambaa cheupe. Kaa barazani au karibu na dirisha mnamo saa tatu asubuhi, kivulini, jua lisikupige moja kwa moja. Usifanye kipimo hiki usiku, wala usikifanye chini ya taa za duka, kwa maana nyingi huelekea umanjano na hufanya kila dhahabu ipendeze na kila mteja ang'ae. Kisha weka hereni ya dhahabu karibu na taya, ihesabu hadi kumi, iondoe, weka ya fedha mahali palepale, halafu ya waridi.

Sasa hapa ndipo wengi hukosea: wanaitazama hereni. Usiitazame hereni, utazame uso. Madini yanayokukubali husawazisha ngozi. Weusi wa chini ya macho hupungua, midomo huonekana na damu, na kingo za taya husimama. Yasiyokukubali hupausha. Ngozi iliyopakwa mafuta asubuhi hiyohiyo huonekana kama imepata vumbi kuzunguka mdomo, au hupata umanjano wa mgonjwa. Kama huoni tofauti yoyote kati ya dhahabu na fedha, wewe ni wa katikati, na hilo ni jambo la kweli kwa watu wengi.

Baada ya zile picha, tulimkalisha mdogo wangu barazani hivyohivyo. Dhahabu ya karati 22, hereni za shangazi, ilimfungua uso papo hapo. Fedha ilimpausha pembeni mwa midomo. Ya waridi haikufanya ubaya wowote, ila haikufanya lolote. Jibu lilikuwa limepatikana kuhusu uso wake. Kuhusu harusi bado, kwa sababu kulikuwa na gauni.

Jambo la gauni linafahamika vizuri kupitia kisa cha Mfaransa mmoja, mkemia Michel-Eugène Chevreul, aliyesimamia upakaji rangi wa nyuzi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins mjini Paris. Wafumaji walilalamika kwamba nyuzi nyeusi si nyeusi vya kutosha. Chevreul alizipima, akakuta hazina kasoro. Tatizo lilikuwa rangi zilizofumwa kando yake. Mwaka 1839 alichapisha kitabu kikubwa kueleza kwamba rangi mbili zikikaa jirani, kila moja huisukuma nyenzake mbali na yenyewe.

Mkufu juu ya nguo ni hivyohivyo. Gauni la mdogo wangu lilikuwa jeupe pee, na weupe wa namna hiyo huwa na ubuluu ndani yake. Dhahabu ya karati 22 ikilazwa juu yake, umanjano wake huzidi hadi ukaonekana wa bandia, ingawa ni halisi. Gauni lingekuwa la rangi ya maziwa, mambo yangekuwa mepesi. Tulichofanya ni kumwachia hereni za dhahabu, kwa kuwa zilikuwa zinagusa uso na si nguo, na kwenye shingo ya lesi tukaweka lulu. Ilikaa vizuri sana.

Na ile seti ya waridi? Aliivaa siku ya pili, juu ya gauni la kijani kibichi lililofunga hadi kooni. Kijani ni jirani anayeusukuma wekundu mbele, na mkufu uliopotea shingoni ulionekana tangu mlangoni. Ulikuwa haujapata mahali pake tu.

Hivyo kabla ya kuchagua, jiulize kito kitalala wapi. Hereni, kipini na mkufu mfupi unaogusa ngozi huamuliwa na uso. Mkufu mrefu unaoshukia kwenye nguo huamuliwa na nguo. Dhahabu hupatana na nyekundu, hudhurungi, haradali na kijani cha majani. Fedha hupatana na buluu, zambarau, kijivu na nyeupe kali. Ya waridi hupendeza juu ya kijani kizito, krimu na damu ya mzee. Nyeusi hupokea yote, ila ukivaa buibui lililotariziwa, fuata uzi wake: uzi wa dhahabu na mkufu wa fedha huvutana na jicho halijui litue wapi. Kwenye kanga usitazame mji, tazama pindo, kwa sababu ukijitanda ushungi ni pindo ndilo linalozunguka uso wako.

Tena usikate tamaa na dhahabu kwa sababu moja ilikukataa. Ya karati 21 au 22, kama zinazotoka Uarabuni, ina umanjano mzito. Ya karati 14 au 9 ni hafifu zaidi kwa kuwa imechanganywa sana. Kuna wanawake wenye rangi ya chini ya baridi ambao karati 22 inawashinda na karati 14 inawakaa. Tafuta chapa ndani ya pete: 916 ni karati 22, 875 ni 21, 750 ni 18, na 925 ni fedha. Ukichagua dhahabu nyeupe badala ya fedha, ujue kwamba weupe wake mkali kwa kawaida ni wa rodi iliyochovywa juu. Ikilika baada ya kuvaliwa sana, umanjano hurudi na sonara hana budi kuichovya upya.

Ukienda kwa sonara, nenda asubuhi, na ubebe kipande cha kitambaa cha nguo utakayovaa. Mwombe akuruhusu usogee na kioo hadi mlangoni, kwenye mwanga wa jua, kabla hujatoa hata shilingi moja. Sonara mwaminifu hatakukatalia.